Ajali Desemba, kesi Januari, hukumu Machi: hii ni provisheni au kontinjenti?

#1 Asali_ya_Sikonge
Wakuu habari za jioni. Niko Tabora mjini, najiandaa na mtihani wa bodi wa Novemba, na hapa IAS 37 na IAS 10 zikichanganywa kwenye swali moja fupi nakwama kabisa. Swali lenyewe mwalimu wetu wa twisheni alilitunga, nalileta kwa Kiswahili changu:

Kampuni ya malori inafunga hesabu 31 Desemba 2024. Tarehe 9 Desemba lori lao likirudi nyuma liliingia kwenye ghala la mfanyabiashara wa asali, ukuta ukaanguka, mapipa yakapasuka. Mwenye ghala akafungua kesi 20 Januari 2025 anadai milioni 60. Tarehe 25 Januari wakili wa kampuni akaandika kwamba uwezekano wa kushindwa ni asilimia 40. Tarehe 14 Machi mahakama ikaamuru kampuni ilipe milioni 45. Wakurugenzi wakaidhinisha hesabu 28 Machi. Halafu kuna kipande cha pili, tarehe 5 Februari ghala la kampuni yenyewe liliungua na vipuri vya milioni 80, halina bima. Elezeni kila kimoja kinaingiaje kwenye hesabu za 2024. Maksi 6.

Mimi nilijibu lori ni kontinjenti, nataja kwenye noti, sababu asilimia 40 iko chini ya nusu. Ghala nikasema nipunguze stoku kwa milioni 80 maana vipuri vilikuwepo 31 Desemba. Nimepewa maksi 1 kati ya 6 na hiyo moja nadhani ni ya kuandika majina ya standadi. Nisaidieni nimekosea wapi, sijaelewa hata alichoandika pembeni.

#2 Reli_ya_Kati
Pole dada. Ghala umekosea kweli, moto ni wa Februari, hauna uhusiano na 2024. Ila lori mimi naona uko karibu, sema sababu yako siyo. Kesi imefunguliwa Januari, hukumu ya Machi, vyote vimetokea baada ya mwaka kufungwa, kwa hiyo ni tukio lisilo la kuadjasti, unataja kwenye noti basi. Moto na kesi vinaenda pamoja, noti zote mbili.

#3 Mama_Mawese
Mi sijasoma uhasibu wa juu niliishia cheti, ila nauliza, hilo lori si lina bima? Bima ikilipa kampuni haina deni, mnahangaika nini.

#4 Asali_ya_Sikonge
Mama swali halijasema chochote kuhusu bima ya lori, limesema tu ghala halina. Lakini kuna swali dogo la nyongeza linaleta bima, nitaliweka baadaye nisiwavuruge.

#5 Mzee_wa_Mizania
Nipo Ujiji, nimefanya ukaguzi miaka mingi, niseme kidogo.

Reli_ya_Kati, moto umepatia, kesi hapana. Unaangalia tarehe ya karatasi badala ya kuangalia tarehe ya tukio lililozaa deni. Deni hili limezaliwa na nini? Na bodi ya lori ilivyogusa ule ukuta tarehe 9 Desemba. Asali ilipomwagika sakafuni kampuni ilikuwa tayari na wajibu, hata kama mwenye ghala alikuwa safarini Urambo hajui kinachoendelea. Kwenda mahakamani Januari ni yeye kudai tu, na hukumu ya Machi ni mtu wa tatu kuthibitisha kwamba wajibu ulikuwepo tangu Desemba na kutwambia ni kiasi gani. Hiyo ndiyo maana ya tukio la kuadjasti, linatoa ushahidi wa hali iliyokuwepo siku ya kufunga. Na IAS 10 aya ya 9 imeweka kesi ya mahakamani kama mfano wake wa kwanza kabisa, kwa hiyo hapo hatubahatishi.

Sasa dada wa asali, ile asilimia 40 ndiyo chambo. Wakili aliandika 25 Januari kwa alichokijua siku hiyo. Kufika 28 Machi wakati wakurugenzi wanasaini, kuna hukumu mezani. IAS 37 aya ya 16 inasema ukiwa unapima kama wajibu upo unachukua ushahidi wote uliopo pamoja na wa matukio ya baada ya tarehe ya hesabu. Huwezi kushika barua ya Januari ukaifumbia macho hukumu ya Machi. Kwa hiyo provisheni milioni 45, debiti gharama, krediti provisheni, kwenye hesabu za 2024.

#6 Kijana_wa_Kasulu
Mzee nakubaliana na provisheni ila kiasi hapana. Tulifundishwa unazidisha uwezekano na kiasi, kwa hiyo 40% × 60 = milioni 24. Hiyo 45 ni ya 2025 itaongezewa mwakani.

#7 Mzee_wa_Mizania
Kijana hiyo hesabu ya kuzidisha ipo, ila siyo ya hapa. Inatumika ukiwa na vitu vingi vinavyofanana, mfano umeuza pampu 1,000 zenye waranti na unajua kwa uzoefu ngapi hurudi, hapo wastani una maana maana zingine zitarudi na zingine hazitarudi. Kesi ni moja. Ama unalipa 45 ama hulipi. Milioni 24 hakuna atakayeilipa popote, hiyo namba haipo duniani. Kwa wajibu mmoja mara nyingi unachukua tokeo lenye uwezekano mkubwa kuliko mengine, na baada ya hukumu hilo ni 45.

Na uangalie, hata ungekuwa hujaona hukumu, asilimia 40 haikupeleki kwenye 24. Inakupeleka kwenye noti, maana haijavuka nusu. Asilimia inaamua kwanza mlango gani unaingia, ndipo uhesabu. Wanafunzi wengi wanaanza kuhesabu kabla ya kuchagua mlango.

#8 Kijana_wa_Kasulu
Dah, nimekuwa nikiandika hivyo tangu mwaka jana. Asante mzee.

#9 Reli_ya_Kati
Mimi bado sijashawishika. Mzee unasema wajibu ulikuwepo 9 Desemba. Lakini kama wajibu ulikuwepo wazi hivyo mbona wakili mwenyewe alisema 40? Maana yake hata yeye hakuona wajibu. Sasa wahasibu wa kampuni 31 Desemba wangejuaje?

#10 Bint_Unyanyembe
Reli hakuna anayesema walijua. Ngoja nikuoneshe nilivyoielewa mimi, nilifaulu hili somo mwaka juzi hapahapa Tabora kwa kuchora mstari, naomba niuchore hata kwa maneno. Unaandika tarehe zote kushoto kwenda kulia, 9 Desemba, 31 Desemba, 20 Januari, 25 Januari, 14 Machi, 28 Machi. Halafu unapiga mistari miwili tu ya kusimama, mmoja kwenye 31 Desemba na mwingine kwenye 28 Machi. Kilichosababisha tatizo kikiwa kushoto mwa mstari wa kwanza, basi habari yoyote inayokuja katikati ya mistari miwili unaitumia kurekebisha. Kilichosababisha kikiwa katikati, hurekebishi, unataja. Kinachokuja kulia mwa mstari wa pili hesabu hizi hazikihusu.

Sasa sogeza ule mstari wa pili uone. Chukulia wakurugenzi wangeidhinisha 31 Januari. Hukumu ingekuwa bado, ushahidi bora ulioko mezani ni barua ya wakili, asilimia 40, kwa hiyo ni kontinjenti na noti, na jibu la dada Asali lingekuwa sahihi kabisa. Ajali ileile, kampuni ileile. Kilichobadilika ni siku waliyosaini. Ndiyo maana mtunga swali hakuweka 28 Machi kama pambo.

#11 Asali_ya_Sikonge
Hapo ndipo nimeelewa! Mwalimu pembeni aliandika "tarehe ya idhini???" na alama tatu za kuuliza, nikadhani anauliza hesabu ziliidhinishwa lini wakati imeandikwa kwenye swali.

#12 Dagaa_wa_Kibirizi
Swali la haraka, idhini ni ile ya wakurugenzi au ya wanahisa kwenye mkutano mkuu? Kazini kwetu mkutano mkuu unakuja miezi mitatu baada ya bodi kusaini na nilikuwa najua mkutano ndio unafunga.

#13 Bint_Unyanyembe
Ya wakurugenzi kuruhusu hesabu zitoke. Wanahisa kupitisha baadaye haisogezi mstari. Mtunga akikupa tarehe zote mbili jua moja ni mtego.

#14 Mama_Mawese
Jamani naomba nirudi na la kwangu maana mmenigusa. Nauza mawese jumla hapa Kigoma, nafunga hesabu Desemba. Kuna mteja wa Uvinza nilimkopesha madumu 60 mwezi wa Kumi, Januari duka lake likaungua lote hadi mabati yakajikunja, Februari akaniambia mama sina hata senti. Kwa ule mstari wa binti, deni lake liko kushoto mwa 31 Desemba, si nalifuta kwenye hesabu za mwaka uliopita?

#15 Kijana_wa_Kasulu
Ndiyo mama, mteja kufilisika baada ya mwaka ni tukio la kuadjasti, hilo lipo kwenye standadi wazi. Futa.

#16 Mzee_wa_Mizania
Polepole kijana. Mama hakusema kafilisika tu, kasema duka limeungua Januari. Mfano wa mteja kufilisika unafanya kazi kwa sababu kwa kawaida mtu hafilisiki usiku mmoja, akianguka Februari maana yake Desemba alishakuwa mgonjwa, na kuanguka kwake kunakuthibitishia ugonjwa wa Desemba. Lakini huyu kama 31 Desemba alikuwa mzima, anauza, analipa, kisha moto ukamwangusha Januari, basi siku ya kufunga deni lako lilikuwa zima. Hali mbaya imezaliwa Januari. Hurekebishi, na kama ni kubwa kwako unalitaja.

Binti mstari wako ni mzuri ila wasiusome vibaya. Kinachowekwa kushoto au kulia siyo deni lenyewe wala mali yenyewe, ni kile kilicholiharibu. Ndilo kosa la dada Asali kwenye vipuri. Vipuri vilikuwepo 31 Desemba, sawa, ila vilikuwa vizima, vimepangwa kwenye rafu. Kilichoviharibu ni moto wa 5 Februari. Ingekuwa vipuri vimeuzwa Februari kwa nusu ya bei vilivyonunuliwa kwa sababu vimepitwa na wakati, hapo ungeshusha thamani, maana kupitwa na wakati hakukuanza Februari.

#17 Mama_Mawese
Mzee, mteja wangu huyo mwezi wa Kumi na Moja alishaanza kunikwepa. Nilimpigia simu mara nne hapokei, akalipa kidogo baada ya ndugu yake kumsema. Sasa alikuwa mzima au mgonjwa?

#18 Mzee_wa_Mizania
Hapo mama umenipa kazi. Kama alishachelewa kabla ya Desemba basi sehemu ya hasara ilikuwepo tayari na ulipaswa kuikadiria hata bila moto kutokea. Sehemu ya moto inabaki ya Januari. Kuzitenganisha ndiyo kibarua, inabidi uangalie alikuwa amechelewa siku ngapi, na wateja wako wa namna hiyo huwa wanakulipa kiasi gani mwishoni.

#19 Dagaa_wa_Kibirizi
Mimi naona yote yaende Desemba, mtu anayekwepa simu hata bila moto asingelipa.

#20 Bint_Unyanyembe
Hapana Dagaa, amelipa kidogo baada ya kusemwa, kwa hiyo alikuwa na uwezo. Mimi ningekadiria robo Desemba, iliyobaki mwaka mpya. Ila nakiri robo nimeitoa kichwani.

#21 Katibu_Tarafa_Mstaafu
Wakuu mimi nilikuwa halmashauri, sisi tunafunga Juni 30 na hatutumii hizo IAS 37 wala 10, tunatumia IPSAS. Kwa hiyo jibu la dada linategemea ni kampuni gani, kama mwaka unaishia Juni basi ajali na hukumu vyote viko ndani ya mwaka na hakuna mjadala.

#22 Reli_ya_Kati
Mzee wangu swali limesema wanafunga 31 Desemba, ni kampuni ya malori siyo halmashauri 😄 shikamoo lakini.

#23 Katibu_Tarafa_Mstaafu
Marahaba. Nilisoma kwa haraka, umeme ulikuwa unakatika. Ila IPSAS 19 na 14 zinafuata njia hiyohiyo kwa hili, atakayekwenda serikalini asiogope.

#24 Asali_ya_Sikonge
Sasa naweka ile nyongeza. Inasema: "Lori lilikuwa na bima. Tarehe 20 Machi kampuni ya bima imekubali kwa maandishi kulipa milioni 30 kati ya 45. Jibu lako linabadilikaje?" Mimi niliandika provisheni inakuwa 45 − 30 = 15. Mama Mawese aliuliza hili mapema, na mimi nilifikiri kama yeye.

#25 Mzee_wa_Mizania
15 kwenye mizania ni kosa. Kampuni ndiyo iliyohukumiwa, bima isipolipa mwenye asali atakuja kubisha mlango wa kampuni kudai 45 zote. Kwa hiyo deni linasimama 45. Bima ikitambuliwa inasimama upande wake kama mali, milioni 30, na haiwezi kuzidi 45. Kwenye faida na hasara tu ndiko unaruhusiwa kuonesha gharama ya 15 baada ya kuondoa.

#26 Bint_Unyanyembe
Mzee hapo kwenye "ikitambuliwa" ndipo pana kazi. IAS 37 inataka uwe na karibu uhakika kamili kwamba bima italipa, siyo kuvuka nusu tu. 31 Desemba hakukuwa na uhakika huo, bima walikuwa hawajasema lolote. Barua imekuja 20 Machi. Mimi nasema mali hiyo ni ya 2025, kwenye 2024 unaitaja kwenye noti.

#27 Mzee_wa_Mizania
Hapo tunatofautiana binti. Sera ya bima ilikuwepo Desemba, premiamu imelipwa, ajali imetokea ndani ya muda wa sera. Barua ya Machi inathibitisha haki iliyokuwepo, kama hukumu inavyothibitisha deni. Ukitumia ushahidi wa Machi kwa deni ukaukataa kwa bima, hesabu zinaonesha kampuni imeumia 45 wakati wote mezani mnajua imeumia 15.

#28 Bint_Unyanyembe
Lakini standadi yenyewe haiyapimi sawa mzee, deni linahitaji kuvuka nusu, mali inahitaji karibu uhakika kamili. Imeweka ngazi ya mali juu makusudi. Na mali tegemezi unaitambua kwenye kipindi ambacho uhakika umepatikana, na uhakika umepatikana Machi.

#29 Mzee_wa_Mizania
Hiyo ya kipindi ni ya mali tegemezi, fidia ya bima dhidi ya provisheni ina aya yake, ya 53. Nimewahi kukaa na wakaguzi wenzangu wawili kwenye faili moja la ajali ya boti tukabishana hili hili mpaka chai ikapoa. Mmoja alikuwa upande wako na hakuhama.

#30 Kijana_wa_Kasulu
Sasa sisi watahiniwa tuandike nini jamani, maksi ziko 2 tu hapo.

#31 Bint_Unyanyembe
Andika kwamba provisheni inabaki 45 na bima haikatwi humo, hapo mimi na mzee tuko pamoja na nadhani maksi moja iko hapo. Halafu chagua upande na utoe sababu yake kwa sentensi moja, "sera ilikuwepo 31 Desemba na barua inathibitisha" au "karibu uhakika kamili haukuwepo mpaka 20 Machi". Usiandike zote mbili bila kuchagua. Mwalimu wako unamjua mwenyewe anaegemea wapi.

#32 Reli_ya_Kati
Nimerudi kusoma yote. Nakubali ajali ni Desemba, provisheni 45. Ila nina moja, kampuni ikikata rufaa 25 Machi, siku tatu kabla ya kusaini? Wakili mpya anasema rufaa ina nguvu. Si tunarudi kwenye noti?

#33 Mzee_wa_Mizania
Rufaa peke yake haifuti kitu, kila aliyeshindwa anaweza kukata. Unarudi kuuliza, kwa ushahidi wote wa 28 Machi ikiwemo hukumu, je kuna uwezekano zaidi wa kulipa kuliko kutolipa? Hukumu ya mahakama ni ushahidi mzito kuliko barua ya wakili anayelipwa na kampuni. Angekuwa ameonesha kasoro ya wazi, tuseme shauri limesikilizwa na mahakama isiyo na mamlaka ya kiasi hicho, ningesikiliza. "Ina nguvu" tu hainitoshi.

#34 Dagaa_wa_Kibirizi
Mimi ingenitosha, wakili ndiye mtaalamu, mhasibu si mwanasheria.

#35 Asali_ya_Sikonge
Asanteni sana wote. Nimelijibu upya usiku huu kwa mstari wa Bint: lori provisheni 45 kwa sababu ya 9 Desemba na hukumu iliyokuja kabla ya 28 Machi, vipuri siadjasti, nataja aina ya tukio na milioni 80. Kwenye bima nimechagua upande wa mzee. Naipeleka kesho, nitawaambia kanipa ngapi.

#36 Bint_Unyanyembe
Kwenye vipuri ongeza mstari mmoja, kama hilo ndilo ghala lao pekee na biashara haiwezi kuendelea, hapo ni habari nyingine, hesabu zote zinabadilika msingi hata kama moto ni wa Februari. Swali halijasema, ila andika umeliona.

#37 Mama_Mawese
Na mimi nitaleta daftari la yule wa Uvinza, nina tarehe zote alizolipa. Mzee uko Ujiji upande gani, nikuletee mawese unisaidie kulisoma.

#38 Asali_ya_Sikonge
Nimerudi wakuu. 5 kati ya 6 kwenye swali kuu. Nyongeza ya bima nimepata 1 kati ya 2, pembeni ameandika "mbona 31 Desemba bima hawakuwa wamekubali?"

#39 Mzee_wa_Mizania
Mwambie asome tena aya ya 53, na aniambie sera ilikuwepo lini.